Kabla ya Kulipa Shilingi 3,000: Haki ya Kukana Kosa la Mwendo Kasi Nchini Kenya

"Nilipe tu elfu tatu niende zangu, au nipoteze siku nzima kortini?"

Hivyo ndivyo hujiuliza dereva aliyepewa notisi ya kosa la mwendo kasi. Jibu linategemea maneno yaliyoandikwa kwenye notisi hiyo, nayo husomwa na wachache. Tuseme notisi inadai kwamba gari lilikuwa likienda kilomita 63 kwa saa mahali ambapo kikomo ni 50. Ziada ni kilomita 13, na kwa mujibu wa Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, ziada ya kilomita 11 hadi 15 hutozwa shilingi 3,000. Ziada ya 6 hadi 10 hutozwa 500, na ya 16 hadi 20 hutozwa 10,000. Hivyo basi, kilomita chache za makosa katika kipimo zinaweza kumhamisha dereva kutoka faini moja hadi nyingine iliyo kubwa mara kadhaa. Jambo la kwanza ni kulinganisha mwendo ulioandikwa na kikomo cha mahali hapo, kisha kuhakikisha kwamba kiasi kinachodaiwa kinaafikiana na tofauti hiyo. Nambari ya gari, mahali, saa, jina la mahakama na tarehe ya kufika navyo vikaguliwe siku hiyohiyo.

Wanaoshauri kulipa wana hoja nzito. Mtu anayejua kwamba alikimbiza gari hana sababu ya kusumbua mahakama, na barabara zetu zimeua watu wengi mno kwa sababu ya mwendo kasi. Akilipa kiasi kilichowekwa kabla ya tarehe iliyotajwa na kuhifadhi risiti, shauri lake linamalizika bila kusimama kizimbani. Anayekana huenda akaitwa siku ya kutajwa kwa kesi, kisha siku ya kusikilizwa, na pengine shahidi wa polisi asifike ikabidi arudi tena. Kwa dereva wa teksi, nauli na mapato ya siku hizo huipita faini yenyewe.

Lakini hesabu hiyo huacha nje kitu kimoja: kulipa ni kukubali kosa. Tena anayekiri mbele ya hakimu hufungiwa mlango, kwa kuwa kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hakimruhusu kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani kwa kosa alilolikiri. Anachoweza kulalamikia ni ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ndiyo maana sioni haki kumwita mkaidi dereva anayesema "si kweli". Amepewa haki hiyo na Kifungu cha 50 cha Katiba, kinachomchukulia kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na kinachompa muda wa kujiandaa pamoja na haki ya kuuona mapema ushahidi wa upande wa mashtaka.

Kinachoniumiza zaidi ni asubuhi zile ambapo madereva wengi husomewa mashtaka kwa mfululizo, kila mmoja akijibu "ni kweli" ili atoke. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, utaratibu unajulikana: mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Dereva aliyekwisha kusema "ni kweli", lakini akaongeza kwamba kifaa kilielekezwa kwa gari lililokuwa likimpita, hajakiri. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Sentensi hiyo moja, isemwe kwa sauti inayosikika, inaokoa haki yote.

Baada ya kukana, aombe taarifa za mashahidi, picha kama ipo, na cheti kinachoonyesha kuwa kifaa cha kupimia mwendo kilikaguliwa. Ikiwa ushahidi wote ni ofisa mmoja anayesema kwamba kwa maoni yake gari lilikuwa likienda kasi, kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki hakiruhusu mtu kutiwa hatiani kwa maoni hayo peke yake. Kifaa kilichosoma 63, kwa upande mwingine, ni ushahidi wa aina nyingine, na dereva asiye na la kukipinga ana nafasi ndogo ya kushinda.

Asilopaswa kulifanya dereva, awe anakubali au anakana, ni kunyamaza. Asipolipa wala kufika, mahakama inaweza kutoa hati ya kukamatwa kwake, na kama alikuwa ameacha dhamana ya pesa taslimu kituoni, anaweza kuipoteza. Aliyefika, akakana na bado akatiwa hatiani ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.