Ukiulizwa kuhusu modeli iliyokariri, anza na mgawanyo wa data

Wengi wanaohojiwa kwa kazi ya kujifunza kwa mashine, wakiulizwa watafanyaje modeli ikikariri data ya kufundishia badala ya kujifunza, hukimbilia dawa: punguza kina cha miti ya maamuzi, ongeza data. Naona wanatibu kabla ya kupima. Swali la kwanza ni: data ya majaribio ilitengwaje?

Tuchukue mfano wa kituo cha kukusanyia maziwa Muheza, mkoani Tanga. Modeli inakisia keni ipi imeanza kuchacha, ikitazama saa zilizopita tangu kukamua, joto la maziwa na namba ya mfugaji. Ukigawa rekodi za keni kwa kubahatisha, keni za mfugaji mmoja zitaangukia pande zote mbili, za kufundishia na za majaribio. Modeli itashika kwamba mfugaji fulani huchelewa, na alama zitapendeza kotekote. Ndiyo maana tofauti ndogo kati ya alama za pande hizo mbili si ushahidi kwamba haijakariri. Mfugaji mgeni akileta keni yake, modeli haina la kusema. Gawa kwa kufuata mfugaji, ili keni zote za mmoja zikae upande mmoja:

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold, cross_val_score

cv = GroupKFold(n_splits=5)
cross_val_score(m, X, y, groups=mfugaji,
                cv=cv, scoring="recall")
```

Alama zikiporomoka hapo, tatizo umelipata. Ondoa namba ya mfugaji kwenye data, upime tena; kina cha miti kitafuata baadaye.

Maswali ya vipimo vya modeli nayo yajibiwe kwa keni hizo hizo. Tuseme zimeletwa keni 1,000, na 20 kati yake zimechacha. Modeli inayosema zote ni nzima inapata usahihi wa asilimia 98, na haijakamata hata moja. Nyingine inatilia shaka keni 45, na 15 kati ya hizo zimechacha kweli: `precision` yake, sehemu ya ilizoshuku ambazo ni mbovu kweli, ni 15/45, yaani theluthi moja, na `recall`, sehemu ya mbovu zote iliyozikamata, ni 15/20, yaani asilimia 75. Hapa mimi nashikilia `recall`, kwa sababu keni moja mbovu ikimiminwa kwenye tangi inaharibu maziwa ya wengine, ilhali keni nzima iliyoshukiwa inagharimu tu kipimo cha alkoholi cha dakika chache. Kazi nyingine ingebadili jibu, na mhojaji anataka kusikia sababu hiyo.

Kisha mhojaji husema, “Nieleze kama vile mimi ndiye meneja wa kituo.” Hapo neno modeli liwekwe kando. Jibu ninaloliamini ni hili: “Mama, katika keni 1,000 nitakuomba upime 45. Utakuta 15 zimechacha, lakini 5 mbovu zitatupita. Ukikubali kupima 90, zitatupita 2 tu. Je, una watu wa kupima 90 asubuhi?”

Tofauti ya 45 na 90 inatokana na kushusha kizingiti cha kushuku, yaani kiwango cha uwezekano ambacho keni ikikifikia modeli inaishuku, na uamuzi huo ni wa meneja, maana ndiye anayejua idadi ya wapimaji wake.