Kabla ya kuibatiza bidhaa mpya, itazame familia ya M-Pesa

Safaricom walipoanzisha M-Pesa Kenya mwaka 2007, na Vodacom walipoileta Tanzania mwaka uliofuata, ile M ya mbele ilikuwa kifupisho tu cha neno la Kiingereza la simu ya mkononi. Pesa ndiyo iliyobeba maana. Baadaye huduma zikaanza kuongezeka, na kila iliyozaliwa ikahitaji kuitwa kitu. Kenya ikapata M-Shwari mwaka 2012, Tanzania ikapata M-Pawa mwaka 2014 na M-Koba mwaka 2019. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye viwanda vidogo kupanga majina na lebo, na familia hii ndiyo ninayowaonyesha kwanza, kwa sababu majina yake yametoka kwenye lugha yetu na kila mtu ameyatumia.

Naanza na M-Koba kwa sababu naliona kuwa jina bora kuliko yote katika ukoo huo. Ukilitamka, kistari kinapotea na unasikia mkoba. Ukilisikiliza tena, unasikia kikoba, kile kikundi cha akina mama na majirani wanaonunua hisa kila wiki na kufungia fedha kwenye sanduku la kufuli tatu. Huduma yenyewe ni hiyo hiyo: akiba ya kikundi, ila sanduku limehamia kwenye simu. Mhazini wa kikoba halazimiki kuelezwa sana. M-Pawa nalo lilijengwa kwa kanuni ile ile, lakini neno pawa halisemi unaweka wala unakopa. Ilibidi matangazo yafanye kazi ambayo jina lingeweza kuifanya lenyewe. Kwa hiyo kuwapa watoto wote herufi moja ya mwanzo hakutoshi. Herufi inasema mtoto ni wa nani, na neno linaloifuata ndilo linalopaswa kusema anafanya nini.

Tena herufi hiyo ina udhaifu mwingine. Ni vigumu mno kumzuia mtu asiweke M na kistari mbele ya neno lake. M-Kopa, wanaokopesha vifaa vya sola na simu kwa malipo ya kidogo kidogo, ni kampuni inayojitegemea. M-Akiba ni hati fungani ya serikali ya Kenya iliyouzwa kwa simu mwaka 2017. Ukiyaweka majina hayo karibu na M-Shwari, mteja wa kawaida atadhani wote ni ndugu wa tumbo moja, na siku akipata tatizo atapiga simu kwa mtu asiyehusika. Alama ya ukoo inayoweza kuvaliwa na yeyote hailindi ukoo.

Ndiyo maana naona Fuliza, ya mwaka 2019, ilikuwa hatua ya busara. Safaricom wangeweza kuongeza M nyingine, lakini wakachukua kitenzi kitupu. Vodacom Tanzania nao huduma yao ya namna hiyo wakaiita Songesha. Zote mbili hufanya kazi pale salio lisipotosha: muamala unakamilika kwa fedha ambazo si zako, kisha unadaiwa pamoja na ada. Hapo mkataba wa mteja umebadilika. Mwanzoni alikuwa akituma pesa yake, sasa anatumia ya mwingine. Mabadiliko ya aina hiyo yanastahili jina la peke yake, kwa sababu mbili. Mteja anajua ameingia wapi, na hasira yake juu ya makato inabaki kwenye Fuliza bila kulichafua jina la mama, yaani M-Pesa. Na kwa kuwa ni kitenzi, kinanyumbulika: watu husema nimefuliza, nitafuliza, usifulize. Jina linalonyumbulika linaishi mdomoni.

Tofauti na hapo, kulipa dukani hakukupewa jina la kubuni. Kenya wanasema Lipa na M-Pesa, na hayo ni maneno ya kawaida tu yanayoeleza tendo. Ni sahihi kabisa. Pesa ni ile ile, mwenye dhamana ni yule yule, kilichobadilika ni mahali inapokwenda.

Lipo pia suala la jina la nani limeingia ndani ya jina la nani. M-Shwari iliendeshwa na benki ya CBA. CBA ilipoungana na NIC mwaka 2019 na kuwa NCBA, M-Shwari haikuguswa. M-Koba ilianza na benki ya TPB, ambayo leo inaitwa TCB, na wanakikoba hawakulazimika kujifunza jina jipya. KCB M-Pesa ya mwaka 2015 ilikwenda njia nyingine: inakutajia wazi anayekukopesha, nami naiheshimu kwa uwazi huo, ila imefungwa kwenye jina la benki moja. Gharama ya kufungwa hivyo tuliiona hapa Tanzania mwaka 2024. Tigo ilipogeuka Yas, Tigo Pesa haikuweza kubaki, ikawa Mixx by Yas. M-Pesa halijabeba jina la kampuni yoyote, ndiyo maana lilifaa kwa Safaricom na Vodacom sawia, hata likafika Ethiopia.

Kanuni hizi nimezipima kwenye biashara ndogo kabisa. Mama mmoja msindikaji wa unga wa lishe alikuja kwangu na lebo sita zenye majina matano. Jina moja lilitaja afya, jingine mtoto, jingine nguvu. Nilipomwomba apange pakiti mezani, tukagundua mbili zilikuwa unga ule ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga, ila moja ya kilo na nyingine ya nusu kilo. Nyingine ilikuwa huo huo ulioongezwa ubuyu. Nikamwambia ampigie muuza duka wake na kuuliza ni ipi inayokwisha haraka. Muuza duka hakutaja hata jina moja. Alisema, "Ile ya kijani, mama."

Jibu hilo lilitupa pa kuanzia. Jina moja tukalifanya jina la mama la bidhaa zote, likawekwa juu, sehemu ile ile na ukubwa ule ule kwenye kila pakiti. Chini yake tukaandika neno la kawaida: Unga wa Lishe, au Unga wa Ulezi. Ubuyu ukapata mstari wake mdogo na rangi yake. Uzito ukashuka chini kabisa, kwa sababu uzito si jina. Majina manne yakafa, na pamoja nayo ada za kuombea kila jina usajili wake Brela.

Alisita kuyaua, maana moja alilichagua pamoja na bintiye. Nilimwelewa, na sikumharakisha.

Miezi kadhaa baadaye alirudi akiwa na wazo la kuuza pumba zilizochanganywa kama chakula cha kuku. Safari hii alitaka jina la mama liwe kubwa mbele, kama kwenye unga. Hapo nilikataa. Anayempikia mtoto uji hapaswi kukuta jina lile lile kwenye mfuko wa kuku, kwenye rafu ile ile ya duka. Mfuko huo tuliupa jina lake wenyewe, na la mama likabaki nyuma, kwa herufi ndogo, palipoandikwa anuani ya mtengenezaji.