Hilo "Debt Collected" ni deni la nani?

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, shangazi yangu anayeishi Mbagala alinipigia simu akiwa amesimama gizani mbele ya mita iliyoishiwa umeme, huku friji yake ikiwa imejaa barafu za ubuyu alizokuwa amewaandalia watoto wa madrasa. "Mwanangu, nimelipa elfu kumi, tokeni imekuja, lakini mita inaikataa," aliniambia. Alikuwa ameziingiza tarakimu zote 20 mara tatu, taratibu, binti yake akimsomea nne nne, na kila mara kioo cha mita kilimjibu kwa neno lile lile, "Reject".

Nilimwomba anitumie ule ujumbe wa malipo, na kosa nikaliona mara moja. Namba ya mita iliyoandikwa pale haikuwa ya Mbagala, bali ya nyumba ya Kigogo alikopanga hadi mwaka jana. Kwa miaka mingi shangazi alinunua umeme kwa ile menyu ya kubonyeza namba, ambayo humwambia kwa Kiswahili aweke namba ya mita, aweke kiasi, kisha aweke namba ya siri. Alipopata simu janja alianza kutumia programu ya malipo ambayo skrini zake zote ni za Kiingereza, nayo ilikuwa imehifadhi namba ya zamani na ikamwekea yenyewe alipogusa kisanduku cha "Meter Number". Iliyofuata ilikuwa skrini ya kuhakiki, ambako jina la mwenye nyumba wa Kigogo lilikuwepo, kwa herufi ndogo, chini ya maneno "Customer Name". Shangazi hakulisoma. Alikwishajifunza kwamba katika programu ile kila hatua ina kitufe kimoja cha rangi, mara "Proceed", mara "Submit", mara "Confirm", na kwamba ukikigusa mambo huenda. Mtu asiyeielewa lugha ya skrini hukariri mahali pa kugusa, na aliyekariri mahali pa kugusa hahakiki kitu chochote.

Wapo watakaosema kwamba hata kwa Kiswahili angeweza kupita bila kusoma. Inawezekana. Lakini hatua hii ndiyo pekee iliyokuwa na uwezo wa kumwokoa, kwa sababu kosa la aina yake halikamatwi na mashine. Namba ya mita ina tarakimu 11, na ile ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile kumi zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja tu hesabu haikubali, na mfumo unaweza kutambua kwamba namba hiyo si sahihi kabla haujagusa fedha yako. Namba ya Kigogo, kinyume chake, ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ya mita iliyopo na inayofanya kazi. Kitu pekee kilichoweza kuonyesha kwamba si mita ya shangazi ni lile jina, na mtu pekee aliyeweza kulitambua ni shangazi mwenyewe. Nashindwa kuelewa kwa nini swali lililomhusu yeye peke yake liliulizwa kwa lugha asiyoijua.

Jambo moja lilitusaidia, nalo afadhali kila mtu alifahamu. Tokeni hutengenezwa kwa ufunguo wa mita moja mahususi, hivyo mita nyingine haiwezi kuifungua, na hiyo ndiyo maana ya "Reject" katika kisa hiki. Ingekuwa ni tokeni iliyokwisha kutumika, mita ingekwambia hivyo kwa neno tofauti. Kwa hiyo umeme wa shangazi haukuwa umepotea, bali ulikuwa umekaa ndani ya ujumbe wake wa simu, ukisubiri kuingizwa Kigogo. Tulimpigia mpangaji anayeishi sasa katika nyumba ile, mama mmoja mwelewa, shangazi akamsomea zile tarakimu 20, na mita yake ikazipokea mara ya kwanza. Kilichobaki ni yeye kurudisha elfu kumi.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza, na ndio ulionifanya niandike makala haya.

Mama wa Kigogo alisema kwamba uniti zilizoingia ni 23.9, na kwamba yeye anajua elfu kumi huleta 28.1. Shangazi akamsomea ujumbe wote, na katikati yake akakutana na maneno "Debt Collected 1500". Mama wa Kigogo, ambaye neno "debt" alilifahamu, akasema kwa utaratibu kabisa, "Dada, hilo ni deni lako walilokata, mimi nimepata umeme wa elfu nane na mia tano, nitakurudishia hiyo." Shangazi alinyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa mbele ya watu, "Nadaiwa na nani mimi?"

Hakuwa anadaiwa na mtu. Ile 1,500 ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, kwanza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu 2023 kwa 1,500, na ambayo hukatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Ilikuwa kodi ya nyumba ya Kigogo, ikakatwa kwa sababu mita iliyotajwa ilikuwa ya Kigogo. Tena haikuwa ya mama yule pia, kwa sababu kodi ya jengo ni wajibu wa mwenye nyumba, na mpangaji aliyeilipa kupitia mita anastahili kuipunguza kwenye pango. Neno moja lilikuwa limewafanya wanawake wawili waungwana wabishane juu ya fedha ambayo ilipaswa kutoka mfukoni mwa mtu wa tatu.

Nilikaa nikaipiga ile hesabu nao kwa simu. Katika 10,000 toa 1,500 ya kodi ya jengo, inabaki 8,500. Kwa mteja wa daraja la kawaida, T1, uniti moja ni shilingi 292, na juu yake ujumbe ule ulionyesha VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1 na REA asilimia 3, kwa hiyo uniti moja humfikia kwa shilingi 356 na senti kidogo. Ukigawanya 8,500 kwa hiyo unapata 23.86, na kwa kuwa tokeni huhesabu uniti kwa sehemu moja ya kumi, huandikwa 23.9. Usiku ule ule nilimnunulia shangazi umeme wa elfu kumi nyingine kwa mita yake ya Mbagala, ambayo kodi ya mwezi huu ilikuwa imeshakatwa, akapata 28.1. Kiasi ni kile kile na daraja ni lile lile, na tofauti ya uniti 4.2 ndiyo hiyo 1,500. Mama wa Kigogo alipoielewa hesabu alirudisha elfu kumi kamili, akasema 1,500 atazungumza na mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Ninataka kueleweka vizuri hapa, kwa sababu dai langu si kwamba maneno yageuzwe tu. Kama mtu atachukua "Debt Collected" na kuandika "Deni limekusanywa", atakuwa amefanya jambo baya zaidi, kwa kuwa sasa hata wasiojua Kiingereza wataamini kwamba wanadaiwa. Ndani ya mfumo kiasi hicho huenda kimewekwa kwenye kapu la madeni, na fundi ana sababu zake za kukiita hivyo. Mnunuzi hahusiki na makapu ya fundi. Aandikiwe "Kodi ya jengo: 1,500", na aandikiwe kabla hajalipa, kwenye skrini ya kuhakiki, si baada ya fedha kuondoka. Vivyo hivyo uniti. Tokeni yenyewe haibebi shilingi hata moja, hubeba uniti, na mita haijui ulilipa kiasi gani. Kwa hiyo skrini inayokuonyesha "Amount" peke yake na kukuomba uthibitishe inakuonyesha fedha unayoitoa bila kukuonyesha kitu unachokinunua. Hakuna muuza mchele wa Tandale anayefanya biashara namna hiyo.

Skrini ninayoitaka ingekuwa na mistari michache tu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, "Unanunua umeme wa mita ya" likifuatiwa na jina, kisha namba ya mita. Chini yake kiasi unacholipa, kodi ya jengo itakayokatwa, na "Uniti utakazopata". Mwisho swali, "Je, hii ndiyo mita unayotaka kuijazia umeme?", na vitufe viwili vyenye majibu ya kweli, "Ndiyo, lipa" na "Hapana, badilisha mita". Shangazi yangu angesoma jina la mwenye nyumba wake wa zamani akashtuka.

Nakubali kwamba ujumbe wa simu una herufi chache, na kwamba baadhi ya programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja. Hata hivyo huduma yenyewe jina lake ni sentensi nzima ya Kiswahili, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na mwaka 2024, mita zilipotakiwa kuhuishwa kabla ya Novemba 24, wananchi walielekezwa kwa Kiswahili kuingiza tarakimu 60 kwa makundi matatu, kwa mpangilio, na wazee wetu waliziingiza. Basi tusiambiwe kwamba jambo hili ni gumu mno kuelezwa kwa lugha yetu.

Jumapili nilikwenda Mbagala. Tuliifuta namba ya Kigogo kwenye simu, nikamwonyesha mahali jina linapotokea, na nikamfundisha kwamba "Customer Name" ni jina la mwenye mita. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maana ya "Proceed", kisha akaniambia kwamba mwezi ujao atarudi kwenye ile menyu ya kubonyeza namba, kwa sababu ile humuuliza jambo analoweza kulijibu.