Simu tupu bila laptopu: kitabu gani kitakaa kwenye hiyo skrini?

"Niko Lamu, nimemaliza fomu foo mwaka jana. Laptopu sina na sioni nikiipata karibuni, nina simu tu ya Android ya ramu 3. Nataka kujifunza kuprogramu kuanzia ziro kabisa. Kuna watu waniambia nisubiri mpaka nipate kompyuta. Nianze na kitabu gani, ama kweli nisubiri?"

Ndugu yangu, hao wanaokwambia usubiri wana hoja, ila wengi wao wanaishika kwa mkia. Watakwambia simu haina nguvu. Sio kweli, ramu 3 kwa kuanza na Python, lugha ya kuprogramu ambayo mimi ningekuanzishia, ni nyingi mno, hutaimaliza hata ukijaribu. Shida ya simu ni upana. Simu yangu mimi nikiisimamisha na maandishi yawe ya kusomeka bila kukodoa macho, mstari mmoja unabeba kama herufi 40 hivi. Sasa watu wa Python wana mwongozo wao wa uandishi unaitwa PEP 8, upo tangu 2001, na huo unaruhusu mstari ufike herufi 79. Yaani vitabu vingi vimeandikwa na mtu aliyezoea skrini yenye upana mara mbili ya yako.

Na kwa Python hilo si jambo la urembo tu, kwa sababu nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoiambia kompyuta mistari ipi iko ndani ya kitanzi, yaani ile ya kurudiwarudiwa, na ipi iko nje. Mstari mrefu ukikatika kwenye skrini ukaangukia chini, jicho la mtu mgeni halijui kama ule ni mstari mpya ama ni mkia wa ule wa juu. Ukilaza simu upate upana, kibodi inapanda inakula nusu ya skrini na zaidi, unabaki unaona mistari minne mitano. Kwa hivyo mimi kitabu cha simu nakipima kwa vitu viwili kabla hata sijaangalia jina la mwandishi: mistari yake ya koodi ina urefu gani, na ni sura ya ngapi ndipo kinaanza kudai kitu ambacho simu haina.

Tuchukue mfano wa huku kwetu uone inavyokuwa. Kila mtoto wa Amu ajua maji ya leo si ya kesho, kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Tuseme leo maji yamejaa saa kumi na dakika kumi alfajiri, simu inasoma 4:10. Wataka saa za kujaa za siku saba:

```python
dakika = 4 * 60 + 10
for siku in range(7):
    saa = dakika // 60
    dk = dakika % 60
    print(saa, dk)
    dakika = dakika + 50
```

Mstari mrefu kuliko yote hapo una herufi 24, unakaa kwenye simu yoyote. Alama ya `//` inagawanya na kutupa baki, `%` inakupa lile baki lenyewe, kwa hivyo dakika 250 zinakuwa saa 4 na dakika 10. Ukiiendesha utapata 4 10, kisha 5 0, 5 50, 6 40, 7 30, 8 20 na 9 10. (Hizo 50 ni wastani, wakati wa bamvua huwa chache na maji mafu huwa zaidi, kwa hivyo usimpelekee nahodha hii badala ya jedwali lake la maji.)

Sasa angalia simu inavyoweza kukuchezea. Ukiiandika kwenye apu ya kawaida ya kuandikia noti, kibodi inageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, `print` inakuwa `Print`, na Python inakujibu `NameError: name 'Print' is not defined`. Kibodi nyingi pia ukigusa nafasi mara mbili zinaweka nukta, na wewe wahitaji nafasi nne mwanzo wa mstari! Ingia seti za kibodi uzime zote mbili. Ukikopi kutoka PDF mara nyingi zile nafasi za mwanzo zinapotea kabisa, utaambiwa `IndentationError: expected an indented block`, na alama za kunukuu zinakuja zile za kupinda ambazo Python haizitambui. Hizo zote ni nafuu kwa sababu Python inapiga kelele.

Kosa baya ni lile la kimya. Mstari wa mwisho, `dakika = dakika + 50`, ukiupoteza nafasi zake nne hakuna kelele yoyote, programu inaenda vizuri na kukuandikia 4 10 mara saba. Maana kuongeza 50 kumetoka nje ya kitanzi, kunafanyika mara moja tu mambo yakishaisha. Mtu mwenye skrini pana analiona kwa jicho, mwenye simu ambayo mistari imekatikakatika anaweza kukaa usiku mzima. Dawa yangu ilikuwa daftari la miraba, lile la hesabu la watoto wa praimari. Kila mraba herufi moja, nafasi nne ni miraba minne, naandika koodi kwa kalamu kwanza, halafu pembeni nachora safu ya `siku`, ya `dakika`, ya `saa`, najaza mwenyewe kama mimi ndiye kompyuta. Ndipo nainua simu. Ile nilidhani ni shida ya umasikini wa laptopu ikawa ndiyo iliyonifunza kitanzi ni kitu gani.

Haya, vitabu. Kwa hali yako mimi ningeanza na *Automate the Boring Stuff with Python* cha Al Sweigart. Kwenye tovuti yake kinasomwa bure kama kurasa za kawaida za intaneti, kwa hivyo maneno yanajipanga kufuata upana wa simu yako, sio kama PDF ambayo unavuta kushoto kulia mpaka kidole kinachoka. Nazungumzia toleo la pili la 2019, ndilo nililosoma. Sura 6 za mwanzo ni misingi mitupu na karibu zote zataka `input` na `print` tu, basi. Ila kuna mahali pawili patakukwaza. Sura ya 4 ina mchezo wa visanduku vinavyozaliwa na kufa ambao unachora kwa upana wa herufi 60, kwenye simu itatoka fujo tupu na utadhani umekosea, kumbe hujakosea, badilisha tu `WIDTH = 60` iwe 30. Na mwisho wa sura ya 6 kuna miradi miwili inayotaka `pyperclip`, hiyo ya kushika kilichokopiwa kwenye kompyuta, iruke. Huko mbele zaidi sura ya 20 inafundisha kuiendesha mausi na kibodi ya kompyuta kwa koodi, hiyo kwa simu isahau kabisa.

*Think Python* cha Allen Downey nacho ni bure na mimi nakipenda kwa fikra zake, koodi zake ni fupi. Lakini toleo la pili sura ya 4 tu tayari linakutaka uchore kwa kasa wa `turtle`, na toleo la tatu la 2024 limejengwa kwa madaftari ya Jupyter ya kufunguliwa kwenye brausa, maana yake bando lisiishe. Kiingereza chake pia ni kizito kidogo na mifano ina hesabu. Kiweke kiwe cha pili, ukikwama kuelewa fankisheni ndipo uende kwake. *Python Crash Course* cha Eric Matthes ni cha kununua, nusu yake ya kwanza yaani sura 11 inafaa simu vizuri tu, lakini nusu ya pili inaanza na mchezo wa kurusha meli ya angani kwa vitufe vya mishale. Simu yako haina mishale, na utakuwa umelipia kitabu kizima. Kama mtu anakuazima chukua.

Kuna na *Eloquent JavaScript*, hicho ni cha lugha nyingine, JavaScript, wengi wanampa mtu wa simu kwa sababu koodi inaendeshwa palepale ndani ya ukurasa bila kuweka apu. Ni kweli, ila kinakimbia, ufikapo sura ya 5 mtu wa ziro ameachwa gatini boti imeshaondoka.

Pa kuandikia, weka Pydroid 3. Ikishaingia inafanya kazi bila intaneti, na juu ya kibodi inakuwekea mstari wa alama kama mabano na kitufe cha kusogeza nafasi, ndio maana usiandike kwenye noti. Matangazo yapo, vumilia. Kuna watu watakusukuma kwenye Termux, ni nzuri lakini hapo utajifunza vitu viwili kwa pamoja, Python na amri za Linuksi, na ukikosea hutajua ni ipi imekukosesha.

Sasa wale wa "subiri" nao niwape haki yao. Kuna siku watakuwa sahihi na siku hiyo inajulikana. Ni pale programu yako itakapokuwa faili tatu nne zinazoitana, unafungua hii unasahau ile ilisema nini kwa sababu huwezi kuziweka ubavu kwa ubavu. Ama koodi imepita mistari mia na kutafuta kosa kumekuwa kusugua skrini juu chini. Hapo hata saa mbili za saiba kwa wiki zina faida kuliko simu ya bei gani. Lakini kufika hapo kutoka ziro ni miezi, na hiyo miezi kitanzi ni kilekile, `%` ni ileile, hakuna utakachokuja kufundishwa upya ukipata laptopu isipokuwa kuandika kwa vidole kumi.

Ukimaliza sura ya 2 ya kitabu cha Sweigart rudi kwa ile koodi ya maji uigeuze isome saa za Kiswahili. Utajaribu `(saa + 6) % 12` na utafurahi, 4 itakuwa 10 kweli. Halafu angalia siku ya nne, ile 6 40. Itakuandikia 0 40, na hakuna mtu Amu ashawahi kusikia saa sufuri. Kaa nalo na daftari kabla hujasoma mstari unaofuata.

Jibu ni `(saa + 5) % 12 + 1`. Jaza 4, 6 na 7 kwa mkono uone.