Weka Tiki Kwenye Ndiyo

Nina saiba ndogo karibu na stendi ya matatu, mashine nne na printa moja yenye kukohoa. Zaidi ya nusu ya wateja wangu hawaji kuvinjari, wanakuja kujaziwa fomu. Nawajazia za kazi, za mkopo wa masomo, za pasipoti. Na kuna mahali pamoja katika fomu za kazi ambapo mtu mzima na akili zake hushusha sauti, hutazama kulia na kushoto, kisha huniambia, "Hapo mama niwekee hapana tu."

Swali lenyewe huulizwa hivi: je, umewahi kupatikana na hatia ya kosa la jinai? Kwenye PSC 2, fomu ya Tume ya Utumishi wa Umma, limeongezwa na kipindi cha uangalizi wa mahakama, ile adhabu ya kuripoti kwa afisa wa probesheni badala ya kwenda jela. Ukisema ndiyo, unatakiwa utaje kosa, mwaka na adhabu. Mistari ya kujieleza ni michache, na karibu na hapo pameandikwa maneno ambayo hakuna mteja wangu aliyewahi kuyasoma bila kuonyeshwa: kwamba kutaja jambo hilo hakumzuii mtu kuajiriwa moja kwa moja, kila mmoja ataangaliwa kwa hali yake.

Basi mwezi uliopita kaja kijana wa mtaani kwetu, namjua tangu akiwa na kamasi. Anaomba ukarani wa stoo kaunti. Tumefika kwenye swali, kasema hapana. Nami nakumbuka vizuri kwamba Novemba 2014 mamake alikuja kwangu asubuhi ya Jumatatu kukopa shilingi 500.

"Mwanangu, na ile ya kortini?"

"Ile si kesi, mama. Nililipa faini nikaenda zangu. Sikufungwa."

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa, na wala si kwa uongo. Kwa raia wa kawaida, mwenye hatia ni aliyelala gereza la Shimo la Tewa. Aliyelipa faini anajiona kama aliyelipia leseni. Lakini kortini mambo hayaendi hivyo. Ukisomewa mashtaka ukasema "ni kweli", hakimu akakutia hatiani na kukutoza faini, umepatikana na hatia, hata kama yote yamekwisha kwa dakika tano na ukala chakula cha mchana nyumbani. Kijana huyu alikamatwa Jumamosi usiku nje ya baa, akashtakiwa kwa kulewa na kuleta fujo mahali pa umma chini ya ile sheria ya vileo ya 2010 tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho. Adhabu yake ya juu kabisa ni faini ya shilingi 500, au miezi mitatu ndani, au vyote viwili. Ni kosa dogo sana, lakini jibu lake ni ndiyo.

Sasa tofautisha na mteja wangu mwingine, dereva, aliyezolewa kwenye msako, akalala seli usiku mmoja, akaachiliwa asubuhi bila kufikishwa kortini. Huyu kwenye fomu ya kaunti jibu lake ni hapana, na wala hahitaji kueleza lolote, kwa sababu hakuna korti iliyomtia hatiani. Lakini mwaka huohuo aliomba viza ya Marekani, na fomu yao ya DS-160 huuliza kama umewahi *kukamatwa au* kupatikana na hatia. Hapo usiku ule mmoja wa seli unakuwa ndiyo. Tukio ni lile lile na mtu ni yule yule, ila majibu ni mawili na yote ni ya kweli. Ndiyo maana mtu akiniambia "jaza kama ulivyomjazia fulani" namrudisha kwenye benchi. Fomu husomwa neno kwa neno: kukamatwa, kushtakiwa, kupatikana na hatia, kila moja lina uzito wake.

Turudi kwa kijana. Alikuwa na hoja ya pili, na hii ina nguvu kidogo. Cheti chake cha maadili mema, gudi kondakti, kilikuwa kimetoka safi. Alilipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, akachapisha ile fomu ya C24, akachukuliwa alama za vidole, na karatasi ikarudi bila doa. "Polisi wenyewe hawana habari, mama. Mimi nijianike kwa nini?"

Sikumcheka. Nami ningejiuliza vilevile. Lakini angalia: cheti kinajibu kilichomo kwenye faili la alama za vidole, fomu inakuuliza wewe unachokijua. Na chini yake unatia sahihi kwamba uliyoandika ni kweli, huku fomu ikikuonya juu ya kutoa habari za uongo. Faili la korti lipo masjala, lina jina lako na tarehe. Siku likiibuka, tuseme mtu mliyegombea naye cheo ameamua kulichimbua, hakuna atakayejadili pombe ya 2014. Watajadili sahihi ya mwaka huu. Kosa la faini ya shilingi 500 umelikuza mwenyewe likawa udanganyifu kazini, na hilo halina kitu cha kujitetea nacho kwa sababu ulikuwa mtu mzima, huna pombe kichwani, umekaa kwenye kiti changu.

Akakubali, shingo upande. Akaniomba kalamu ajiandikie mwenyewe maelezo. Alijaza karatasi nzima pande zote mbili. Alikuwa na marafiki wabaya, polisi walitaka kitu kidogo akakosa, kikombe alikivunja mwingine, mama alikuwa mgonjwa, anajuta sana sana, sasa ameokoka, anaiomba kamati imhurumie. Nilisoma mpaka mwisho nikahisi nimekaa kwenye kesi. Na hiyo ndiyo shida: ukiandika hivyo unamgeuza msomaji kuwa hakimu, umfungulie upya shauri lililokwisha fungwa. Mbaya zaidi, ukisema kikombe alikivunja mwingine ilhali kortini ulikiri, mtu wa kamati anajiuliza ulidanganya wapi, kule au hapa.

Tukaanza kukata. Polisi wakatoka, marafiki wakatoka. Kuokoka nako kukatoka, ingawa alinuna, kwa sababu kamati haina mizani ya kupimia wokovu. Nilimwambia abakishe vitu vinavyoweza kuthibitishwa kwa karatasi au kwa simu. Tarehe ilitusumbua. Yeye alidhani 2015, mimi nikashikilia 2014, na hatukukisia. Alienda masjala ya korti na jina lake, akalipia nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi. Ilichukua siku kadhaa na safari mbili. Ilikuwa 17 Novemba 2014. Laiti angeandika 2015, nakala ingemuumbua mbele ya watu kwa jambo ambalo hakukusudia kuficha.

Fomu ni ya Kiingereza, lakini tuliandika kwanza kwa Kiswahili ili ajisikie akisema mwenyewe. Yaliyobaki ni haya, ila jina la korti, ambalo kwenye fomu lipo, hapa nimelitoa:

"Tarehe 17 Novemba 2014, nikiwa na miaka 20, nilikiri kosa la kulewa na kuleta fujo mahali pa umma. Nilitozwa faini ya Sh500, nikailipa siku hiyo. Sijashtakiwa kwa kosa lingine tangu hapo. Tangu 2018 nimekuwa karani wa ghala, nikishika funguo na daftari la bidhaa, na msimamizi wangu amekubali kuulizwa. Ni kazi hiyohiyo ninayotarajia kuifanya kaunti. Nakala ya uamuzi na risiti ya faini ninazo."

Hesabu mwenyewe, ni sentensi sita. Mbili za kwanza ni za kosa, ya tatu inafunga mlango, mbili zinazofuata zinatazama kazi, na ya mwisho inataja karatasi za ushahidi. Hakuna "lakini" hata moja, na hilo nililisisitiza, maana neno hilo likiingia tu, kisingizio kinafuata nyuma yake. Hakuna "naomba radhi" pia. Radhi yake ilikuwa ile faini. Sentensi ya funguo za ghala ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kamati ya stoo inataka kujua jambo moja tu: mali itakuwa salama mkononi mwake? Anayeshika funguo za mtu mwingine miaka yote hiyo amekwisha jibu.

Kuhusu huyo msimamizi, nilimlazimisha kijana ampigie simu palepale dukani kabla hatujaandika kwamba amekubali. Jasho lilimtoka. Msimamizi hakuwa anajua lolote, kwa sababu kampuni ile ndogo haikuwahi kuuliza. Na hapo nieleweke: kutosema usipoulizwa si uongo. Mimi si miongoni mwa wanaodhani mtu atembee na kesi yake kama kitambulisho, aitoe kila mlango. Usipoulizwa, nyamaza, zungumzia kazi. Ukiulizwa, jibu kilichoulizwa, ukomee hapo. Msimamizi alicheka, akasema yeye mwenyewe 2014 alikuwa hakamatiki tu.

Siwezi kuwadanganya kwamba maelezo ya sentensi sita yanafungua kila mlango. Tangazo la kujiunga na polisi au jeshi husema wazi kwamba mwombaji asiwe na rekodi ya uhalifu, na mbele ya sharti kama hilo uandishi mzuri hauna kazi. Soma tangazo kabla ya kulipa nauli. Na kosa likiwa linagusana na kazi yenyewe, kwa mfano wizi wa mtumishi kwa mtu anayeomba kukaa kwenye kaunta ya pesa, uwe wa juzi au wa zamani, utaulizwa mengi zaidi ya yanayoenea kwenye mistari minne. Hapo ningemtuma mtu kwa wakili kabla hajanijia mimi na printa yangu.

Wapo wanaonikimbia. Wawili nawajua walihamia saiba ya ng'ambo ya barabara, kule wanakujazia hapana bila maswali, kwa shilingi 50 ile ile. Biashara ni biashara, siwalaumu.

Kijana aliitwa kwenye usaili. Kwa maelezo yake, mmoja wa kamati aliuliza kama ile risiti anayo, akaitoa kwenye bahasha, mzee akaitazama mbele na nyuma, akamrudishia, wakaingia kwenye habari za kuhesabu mali iliyopo dhidi ya ile ya kwenye daftari. Kazi hakuipata, alipewa mwingine mwenye diploma ya ununuzi.

Jana amerudi na fomu nyingine, ya shirika la maji. Hii inauliza kama umewahi *kushtakiwa*. Nikafungua faili lake tulilolihifadhi, tukabadilisha maneno mawili, nikamtoza ukurasa mmoja.