“Walimu na wanafunzi wapya”: kivumishi kimoja, nomino ngapi?

“Tangazo limeandikwa: ‘Walimu na wanafunzi wapya wafike kujiandikisha.’ Mimi nimefundisha miaka tisa. Linanihusu au halinihusu?”

Kwa jinsi maneno hayo yalivyopangwa, sarufi peke yake haitoi jibu, na kubabaika kwa mwulizaji ni kwa haki kabisa. Zipo njia mbili za kulisoma tangazo hilo, na kila moja ina hoja nzito.

Wanaoshikilia njia ya kwanza husema kwamba kivumishi ni mali ya nomino iliyo jirani yake. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino, hivyo “wanafunzi wapya” ni fungu lililoshikamana, na kiunganishi “na” kimesimama mpakani kati ya fungu hilo na “walimu”. Kwa usomaji huo walimu wote wanaitwa, wa zamani na wa jana. Ushahidi wao haupatikani kwa shida: tukiambiwa “wazee na wanawake wajawazito wapewe viti”, hakuna anayetafuta wazee wajawazito.

Wa njia ya pili hujibu kwamba “na” imekwisha kuwaunganisha walimu na wanafunzi wakawa kundi moja, ndipo kivumishi kikaja nyuma ya kundi zima. Nao wana ushahidi ulio wazi vilevile. Mtu akisema “kaka na dada zangu wamefika”, sote tunaelewa kwamba kaka ni wake na dada ni wake, ingawa “zangu” limetajwa mara moja tu, mwishoni.

Mifano hii miwili ina umbo lile lile, na kinachoitofautisha ni maana tu. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na anayedai kwamba mojawapo ya njia hizi ndiyo kanuni. Msomaji huamua kwa kile anachokijua kuhusu wazee, ujauzito na undugu. Pale ambapo ujuzi huo haumsaidii, kama katika tangazo la kujiandikisha, anabaki kukisia.

Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani imewahi kukutana na tatizo hili katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza. Katika shauri la Lockhart la mwaka 2016, maelezo yaliyokuja mwishoni mwa orodha ya makosa matatu yalihesabiwa kuwa ya kosa la mwisho tu, na majaji wawili wakapinga. Kilichotegemea usomaji huo kilikuwa kifungo kisichopungua miaka 10. Mwaka 2021, katika shauri la Facebook dhidi ya Duguid, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba maelezo ya mwishoni yanavihusu vitenzi vyote viwili vilivyotangulia. Ikiwa majaji wenye muda wote wa kutafakari hufika pande tofauti, haifai kumtegemea msomaji aliyesimama mbele ya ubao wa matangazo.

Kiswahili, hata hivyo, kina kinga ambayo Kiingereza hakina, nayo ni upatanisho wa ngeli. “Mwalimu na mwanafunzi wapya” hakuna utata: “wapya” ni wingi, nomino zote mbili ni umoja, basi lazima kivumishi kiwe cha wote wawili. “Mwalimu na mwanafunzi mpya” huelekeza upya kwa mwanafunzi. Vivyo hivyo “kiti na meza vipya”: kiambishi vi- hakiwezi kuwa cha meza peke yake wala cha kiti kimoja, kwa hiyo vyote viwili ni vipya. Kinga hii hupotea nomino zikiwa za ngeli moja na zote zikiwa katika wingi, na hilo ndilo lililolipata tangazo letu.

Lakini ipo hali mbaya zaidi, na nadhani haijapewa uzito unaostahili. Vivumishi vingi tulivyovipokea kutoka Kiarabu havichukui kiambishi chochote: rasmi, halali, halisi, maalumu, binafsi, safi. Hivyo ndivyo hasa vinavyojaa katika mikataba, fomu na masharti. Tunapoandika maandishi yanayodai uangalifu mkubwa, tunatumia maneno yasiyoonyesha ni ya nani.

Chukua sharti hili: “Mwombaji alete barua, picha na vyeti halisi.” Mwombaji analeta vyeti vyake vya awali na kivuli cha barua ya utambulisho. Karani anamrudisha kwa kuwa barua si halisi; mwombaji anasema neno “halisi” limewekwa kwa vyeti. Tukijaribu kukiambatisha kivumishi kwa kila nomino, “barua halisi” inaleta maana, “vyeti halisi” inaleta maana, na “picha halisi” inasitasita. Huko kusitasita kunaupa nguvu kidogo usomaji wa mwombaji, lakini hakumtoshi kushinda hoja.

Ikiwa mwandishi alikusudia vyeti tu, dawa ni kuitanguliza nomino yenye kivumishi: “vyeti halisi, barua na picha”. Kwa kuwa kivumishi cha namna hii hufuata nomino yake, hakiwezi kuruka mbele kuzishika nomino zinazokuja baadaye. Ni marekebisho yasiyoongeza hata neno moja. Mpaka wake ni pale nomino mbili zinapokuwa na maelezo tofauti. “Vyeti halisi, barua na picha za rangi” inaturudisha tulikotoka, maana “za” inapatana na barua sawasawa na picha. Hapo ni heri kukata sentensi: “Alete vyeti halisi na barua. Alete pia picha za rangi.”

Ikiwa alikusudia vyote, wengi hukimbilia kuongeza “vyote viwe halisi” mwishoni. Sipendekezi. “Barua, picha na vyeti, vyote viwe halisi” inaweza kusomwa kuwa vyeti vyote, kwa sababu “vyote” linapatana na vyeti pia. Salama zaidi ni kutanguliza nomino moja inayozikusanya nyingine, kisha kuiwekea kivumishi kabla ya orodha: “Alete nyaraka halisi zifuatazo: barua, vyeti na hati ya kuzaliwa.” Picha imetolewa humo kwa makusudi, kwa kuwa si waraka, itajwe katika sentensi yake.

Njia nyingine ni kurudia: “barua halisi na vyeti halisi”. Wahariri huiona nzito, na katika hadithi au barua ya kirafiki nawaunga mkono. “Kaka zangu na dada zangu” lina mkazo usiohitajika kila mara. Katika sharti ambalo mtu anaweza kurudishwa dirishani kwa ajili yake, neno moja lililorudiwa ni gharama ndogo mno. Mkato nao usitegemewe: “walimu, na wanafunzi wapya” husaidia kidogo kwenye karatasi, lakini tangazo likisomwa kwa sauti na msomaji asiyetua, msaada huo umekwisha.

Tangazo la mwulizaji lilipaswa kuwa “walimu wote, pamoja na wanafunzi wapya”, au “walimu wapya na wanafunzi wapya”. Ningelazimika kukisia, ningesema la pili ndilo lililokusudiwa, kwa kuwa mwalimu wa miaka tisa kwa kawaida amekwisha kuandikishwa. Lakini akikosea kwa kwenda atapoteza asubuhi moja, na akikosea kwa kutokwenda huenda jina lake likakosekana. Amwulize aliyeliandika kabla siku haijafika, na amwombe alirekebishe pale pale ubaoni.