Fasili ya Utaifa na Miaka ya Insha ni Uamuzi Mmoja

Insha nyingi kuhusu utaifa huharibika katika aya ya kwanza. Mwandishi anafungua kamusi na kuandika kwamba utaifa ni hali ya kulipenda taifa lako, kisha katika sentensi inayofuata anatangaza kuwa atazungumzia kipindi cha 1815 hadi 1871. Hasemi fasili hiyo ilimpelekaje kwenye miaka hiyo. Ameitaja miaka hiyo kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kitabu cha darasani. Mimi nashikilia kwamba fasili na kipindi ni uamuzi mmoja, na ukivitenganisha hoja yako yote italegea.

Chukua swali linaloulizwa mara kwa mara: je, ni utaifa uliounganisha Ujerumani? Neno hilo linaweza kubeba angalau maana tatu, na kila maana ina kalenda yake.

Ukisema utaifa ni hisia ya watu kujiona wamoja kwa lugha na utamaduni, huwezi kuanza na Bismarck. Itakubidi urudi kwenye miaka ya uvamizi wa Napoleon, mwanafalsafa Fichte alipokuwa akitoa mihadhara yake kwa taifa la Wajerumani mjini Berlin, majira ya baridi ya 1807 na 1808, wakati mji huo uko mikononi mwa Wafaransa. Ukisema ni harakati ya kisiasa inayodai dola moja ya Wajerumani wote, kitovu chako ni 1848 na Bunge la Frankfurt, na itakubidi ueleze kwa nini mfalme wa Prusia alilikataa taji alilopewa na bunge hilo mwaka 1849. Na ukisema ni sera ambayo dola huitumia kujipanulia mamlaka, basi unaanza 1862, Bismarck alipokuwa waziri mkuu wa Prusia, na unapitia vita dhidi ya Denmark, Austria na Ufaransa.

Ona kinachotokea. Anayeanza 1862 atakuta majeshi na mikataba kila anapogeuka, naye atahitimisha kwamba Prusia ndiyo iliyounganisha Ujerumani na utaifa ulikuwa chombo tu. Anayeanza 1807 atakuta vyama vya wanafunzi, mashairi na mkutano mkubwa wa Hambach wa 1832, naye atahitimisha kwamba Bismarck alivuna shamba lililolimwa na wengine. Kila mmoja ana ushahidi wa kweli. Tofauti yao iliamuliwa kwenye utangulizi, na mara nyingi wenyewe hawakujua kwamba wameiamua.

Kwa hiyo ningeandika utangulizi wenye maneno kama haya: “Katika insha hii, utaifa ni dai la kisiasa kwamba watu wanaojiona taifa moja wawe na dola yao moja. Nimeanza 1815 kwa sababu Mkutano wa Vienna uliunda shirikisho la dola 39 lisilotimiza dai hilo, na nimeishia Januari 1871, ilipotangazwa dola ambayo wengi waliiona kuwa jibu lake.” Sentensi mbili zinatosha. Kila mwaka umepewa sababu, na sababu hiyo imetoka ndani ya fasili.

Fasili hiyo pia inafukua jambo ambalo ile ya kamusi ingelificha. Dola ya 1871 iliwaacha nje mamilioni ya Wajerumani wa Austria, na ikawaingiza ndani Wapolandi na Wadenmaki ambao hawakuomba kuwamo. Ikiwa utaifa ni dai la taifa moja kuwa na dola moja, dai hilo lilitimizwa nusu, na neno “uliounganisha” ndani ya swali nalo linahitaji kuhojiwa. Hapo ndipo insha inapoanza kupata uzito.

Ukishamaliza kuandika, pitia insha yako na kila unapokuta neno utaifa weka fasili yako mahali pake. Kama aya ya tatu inasomeka vizuri lakini ya sita inagoma, umebadilisha maana njiani. Kwa kawaida mtelezo huo hutokea unapohama kutoka kwenye nyimbo na magazeti kwenda kwenye vita: hisia imegeuka sera bila msomaji kuarifiwa.

Wapo wanaosema fasili kali hufunga mjadala. Kuna hatari hiyo, ila si kwa sababu ya ukali. Hatari iko pale fasili inapolibeba jibu. Swali likiwa kama utaifa ni zao la zama za viwanda, nawe ukaufasili kuwa itikadi iliyoletwa na jamii ya viwanda, umeshamaliza mjadala kabla ya kutoa ushahidi hata mmoja, na mwaka wowote utakaouchagua utakuwa upande wako. Fasili ya dai la kisiasa haina kasoro hiyo: anayeamini kwamba mataifa yalikuwapo tangu zama za kati anaweza kuipokea, kisha akatafuta dai la namna hiyo katika karne ya 14, na mkabishana juu ya alichokipata huko.